Salaita hadi Mahiwa: homa, kiu na nyasi vilivyoamua mapigano ya porini 1916–1917

Mpingo_wa_Kusini

Wakuu, salaam. Kila vita ya Wajerumani na Waingereza katika ardhi yetu ikizungumzwa humu, mjadala unaishia kwa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na ujanja wake. Nimekuwa nikifuatilia habari za vita hii kwa miaka mingi na baadhi ya maeneo nimeyatembelea kwa miguu. Msimamo wangu ni kwamba tunaangalia juu mno. Ukitaka kujua kwa nini jeshi dogo lilidumu miaka minne, shuka hadi kwenye kombania moja, juu ya njia moja ya porini, askari wa mbele asipoona zaidi ya hatua thelathini.

Nianze na Salaita, kilima kidogo upande wa Kenya, karibu na Taveta. Tarehe 12 Februari 1916 Brigedi ya Pili ya Afrika Kusini, iliyokuwa na wiki chache tu tangu iwasili, ilitumwa kukiteka. Juu ya kilima yalionekana mahandaki waziwazi, na mizinga ya Waingereza ikayatwanga. Mahandaki yale yalikuwa ya geresha. Ya kweli yalichimbwa chini, mguuni mwa kilima, ndani ya miiba, yakafichwa hata mtu aliyekaribia sana asiyaone. Askari wa miguu walipofika pale wakijua adui ameshapondwa, bombomu zikawafungulia kutoka usawa wa magoti yao.

Hapo ndipo jua linapoingia. Nchi ile kati ya Maktau na Taveta haina maji. Waingereza walilazimika kuvuta bomba na kujenga reli kutoka Voi ili tu watu wanywe. Askari alibeba chupa yake moja. Alitoka kambini alfajiri, akapenya miiba akiwa na mzigo mgongoni, na kufikia adhuhuri chupa ilikuwa tupu na yeye kalala kifudifudi juani asijue risasi zinatoka wapi. Alasiri Wajerumani wakatuma kombania zao ubavuni, kwa singe, brigedi ikavunjika. Ilipoteza karibu watu 140 waliouawa, kujeruhiwa na kupotea. Waliozuia yasiwe maangamizi makubwa ni Wabaluchi wa jeshi la India, waliokuwa wameizoea nchi ile kwa muda mrefu zaidi.

Sasa itazameni kombania yenyewe ya Schutztruppe, jeshi la Wajerumani la koloni. Askari kati ya 160 na 200, Wajerumani wasiozidi 20 hivi, bombomu mbili au zaidi, na wapagazi wake yenyewe walioizoea. Haikutegemea makao makuu ya mbali. Inapokutana na adui porini, sehemu moja pamoja na bombomu inalala papo hapo njiani na kushika uso wa adui. Zilizobaki zinazunguka upande mmoja bila kungoja amri ndefu, kwa sababu kwenye kichaka amri haifiki. Kamanda anatawala mpaka pale sauti yake au filimbi yake inapoishia. Adui akiwa ameshalala chini, ndipo wanamwangukia ubavuni. Usiku ukiingia, wanaondoka.

Jambo moja dogo ambalo wengi hawalijui: mwanzoni mwa vita kombania nyingi zilikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye risasi nene za milimita 11 na baruti ya moshi. Kila ukipiga, wingu jeupe linasimama juu ya kichaka chako na bombomu ya adui inalifuata. Porini, ambako kinga yako kubwa ni kutoonekana, hiyo ni kujitangaza. Bunduki za kisasa zilizotekwa Tanga Novemba 1914, na zile zilizoletwa na meli zilizopenya kizuizi cha Waingereza, ndizo zilizowaondolea askari moshi huo. Lishikeni hilo la moshi, nitalirudia nikifika Mahiwa.

Karibuni tuchangie.

Afande_Mstaafu

Mleta mada, nimekusoma vizuri. Mimi nimevaa gwanda zaidi ya nusu ya umri wangu, na sehemu ya mafunzo ilikuwa msituni. Naomba niongeze pale ulipopita haraka, kuhusu risasi za kwanza.

Raia hudhani kutoona porini ni kama giza. Sivyo. Unaona, ila unaona majani. Risasi ikilia mbele, mwili unajilaza wenyewe. Ukishalala kwenye nyasi huoni hata buti la mwenzako aliye hatua nne kando. Bunduki uliyo nayo inaelekea juu kidogo kwa sababu umeinua kichwa kutafuta, na vidole vinataka kufyatua ili upate moyo. Matokeo yake kundi zima linapiga matawi. Nimeona kwenye mazoezi: ukienda kukagua baadaye, matundu yako juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, ilhali adui alikuwa kalala.

Kwa hiyo askari aliyefundishwa anapiga chini, kwenye shina, kwa vipindi, halafu anasikiliza. Masikio ndiyo macho ya pale. Kijiti kikivunjika kulia, au ndege wakinyamaza ghafla upande mmoja, hapo ndipo ubavu wako unapojaribiwa. Kikosi kipya hakisikilizi kwa sababu chenyewe kinapiga kelele. Nadhani Salaita ilikuwa hivyo: vijana wapya, bunduki nyingi, hakuna anayesikiliza.

Na jingine. Bombomu porini haiwekwi juu ya kilima ili ione mbali. Inawekwa chini, ikitazama njia au uwazi mwembamba, na unafyeka vijiti vichache tu kwa chini, usawa wa goti, majani ya juu unayaacha. Anayekuja haoni kama pamefyekwa. Ukifyeka sana umejiuza.

Kijana_wa_Mbagala

Shikamoo afande. Uzi mzuri, lakini tuseme ukweli. Hapa siri ni moja tu, malaria. Mzungu hakuiweza, Mwafrika anazaliwa nayo, haimsumbui. Ndiyo maana Jenerali Smuts, mkuu wa majeshi ya Waingereza, aliwaondoa Makaburu mwishoni mwa 1916 akaleta KAR, yaani King's African Rifles ya Afrika Mashariki, Wanaijeria na watu wa Gold Coast. Ukishajua hilo mengine yote ni porojo za wataalamu.

Tabibu_wa_Zamu

Mdogo wangu, nusu ya hilo ni kweli na nusu nyingine ndiyo iliyoua watu.

Ni kweli vikosi vya wazungu viliyeyuka. Kikosi cha Tisa cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kiliingia Februari 1916 na watu 1,135, na kufikia Oktoba waliobaki wazima walikuwa 116, wengi wakiwa hawajapigwa risasi. Regimenti ya Pili ya Rhodesia, yenye watu wapatao elfu moja kwa kipindi chote, ilipoteza 36 vitani lakini iliandikiwa zaidi ya visa 10,000 vya ugonjwa. Maana yake kila mtu aliugua mara kumi hivi.

Lakini hakuna anayezaliwa na kinga kamili ya malaria. Mtoto wa Rufiji anaugua tena na tena, wengine wanakufa, na anayevuka utotoni anabaki na ukinzani. Anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na bado akatembea. Mtoto wa nyanda za juu, ambako mbu ni wachache, hana ukinzani huo. Mshushe bonde la Mgeta wakati wa mvua, ataanguka sawa na mtu wa Johannesburg. Na KAR walichukua vijana wengi wa milimani, na wapagazi pia walitoka kila pembe.

Halafu kuna suala la muda, ambalo makamanda wa wakati ule walilipuuza. Mtu akiumwa na mbu leo, homa haiji kesho. Inachukua siku saba hadi wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Jenerali van Deventer aliondoka Arusha mwanzoni mwa Aprili 1916, katikati ya masika, akaiteka Kondoa Irangi tarehe 19. Ukihesabu, wale walioumwa na mbu siku za mwanzo za safari walianza kuanguka pale pale walipofika. Kwa hiyo ripoti ya asubuhi inayosema "wazima ni kadhaa" inakuambia habari za mbu wa wiki mbili zilizopita. Kamanda anayepanga shambulio la wiki ijayo kwa hesabu ya leo tayari amekosea.

Farasi nao walikufa njiani kwa mbung'o na kwa ugonjwa wa farasi, kwa hiyo waliofika Kondoa kama wapanda farasi wakajikuta ni askari wa miguu, wagonjwa, nyuma yao barabara imegeuka tope. Hawakusogea kwa wiki nyingi.

Mwana_wa_Songea

Mbona hamtaji Majimaji? Wazee wetu walipigana msituni kabla ya hao wote, na dawa waliyopewa ilikuwa ya maji.

Mpingo_wa_Kusini

Ndugu yangu wa Songea, Majimaji ni 1905 hadi 1907 na inastahili uzi wake. Nchi ni ileile, Rufiji hadi Ruvuma, lakini kule silaha kubwa ya Wajerumani mwishoni ilikuwa njaa, walichoma vyakula. Nikiichanganya hapa nitaiharibu. Anzisha, nitakuja kuchangia.

Nirudi kwenye hoja ya tabibu, maana inagusa kwa nini mbinu ya Smuts haikuzaa matunda. Smuts alipenda kuzungusha. Safu moja inamshika adui mbele, nyingine zinapita pembeni kwenda kumfungia mlango nyuma. Kwenye uwanda wa wazi wenye farasi wazima inafanya kazi. Alijaribu Pangani, akajaribu milima ya Nguru, na kila mara safu ya pembeni ilichelewa. Ilikata njia kwa panga, ikakosa maji, farasi wakafa, watu wakabebwa kwa machela. Ilipofika, Mjerumani ameshaondoka usiku kwa njia aliyoijua. Morogoro ilitekwa tarehe 26 Agosti 1916, Dar es Salaam mwanzoni mwa Septemba, lakini jeshi la adui lilikuwa zima, limekaa kusini ya mto Mgeta. Waingereza wakabaki wamekwama pale hadi Januari 1917.

Walikwama kwa sababu ya hesabu ya chakula. Chukua mpagazi mmoja, mzigo wa kilo 25, na tuseme anakula kilo moja kwa siku. Kikosi kiko mwendo wa siku kumi kutoka reli. Akienda anakula kilo kumi, akirudi anahitaji kumi nyingine. Anakabidhi kilo tano. Ongeza siku mbili unusu za mwendo kila upande, hakabidhi chochote, amejibeba mwenyewe. Sasa unyeshe mvua ya mwaka 1917, njia zijae maji, mwendo wa siku kumi uwe wa kumi na tano. Ndiyo maana Wanaijeria walioachwa Rufiji msimu ule waliishi kwa nusu posho, wakachimba mizizi ya porini, na wako waliokufa kwa kula yenye sumu. Hakuna adui aliyewafyatulia risasi siku hizo.

Mjerumani alilipunguza tatizo kwa kula mashamba anakopita, na kurudi nyuma kuelekea akiba yake. Nasema alilipunguza tu. Wenye mashamba hawakuulizwa.

Binti_Masasi

Asante kwa kusema hilo la mwisho, kaka, kwa sababu nilikuwa nasoma nikijiuliza watu wa huko wako wapi kwenye uzi huu.

Kwetu inasimuliwa kwamba babu yake bibi alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo wakati wa mavuno. Mdogo wake akachukuliwa na Waingereza mwaka uliofuata. Hakurudi hata mmoja na hakuna kaburi. Mnasema "mpagazi, kilo 25, anakabidhi tano." Yule alikuwa na jina.

Mnapojadili nani aliona nani kwanza kichakani, mkumbuke risasi ya kwanza ikilia ni wapagazi waliokuwa wamesimama na mizigo kichwani kwenye njia nyembamba, bila bunduki na bila pa kukimbilia. Wakitupa mizigo wanaadhibiwa, wakiishikilia wanapigwa.

Tabibu_wa_Zamu

Dada, pole sana. Na uko sahihi hata kwa takwimu. Waingereza pekee waliandikisha wapagazi karibu milioni moja katika vita nzima. Vifo vilivyoandikwa vinazidi 40,000, na wanahistoria wengi wanakadiria karibu 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi wala hata kwa malaria. Walikufa kwa kuhara damu.

Sababu yake ilikuwa jikoni. Watu waliozoea ndizi, mtama au wali walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya. Sufuria hazitoshi, kuni zimelowa, amri ya kuondoka inakuja kabla chungu hakijachemka. Unga mbichi nusu unakwangua utumbo, maji ya kunywa ni yale yale ambayo safu nzima imepita ikayachafua. Siku tatu za kuhara mtu bado anabeba kwa sababu anaogopa kubaki porini. Siku ya nne anakaa kando ya njia.

Unaweza kujua mapema kama kambi inaelekea huko, huhitaji maabara. Tazama vyungu asubuhi: kama uji umebaki na chembe ngumu chini, na choo kiko upande wa juu wa kijito, una wiki moja. Maofisa walioliona hilo na kusimamia upikaji, unga laini na muda wa kutosha wa moto, vifo vyao vilishuka. Ilichukua muda mrefu mno wengine kuiga.

Afande_Mstaafu

Naunga mkono. Na kwenye mapigano hali hiyo inaonekana hivi. Kombania yenye askari 180 na wapagazi 250 ikitembea mstari mmoja, mita mbili mbili, ni karibu kilomita nzima ya watu. Kichwa kikigongana na adui, mkia hausikii vizuri, na ukisikia unahitaji robo saa kufika. Ile robo saa ya kwanza unapigana na watu thelathini wa mbele tu, hata kama kwenye karatasi unao mia nne. Mpagazi mzoefu aliyejua kulala papo hapo na mzigo wake, bila kuziba njia, alikuwa na thamani ya askari. Kundi jipya likikimbia kurudi nyuma linawakanyaga wanaokuja kusaidia.

Mleta mada, twende Mahiwa.

Mpingo_wa_Kusini

Haya, Mahiwa. Iko kusini-magharibi ya Lindi, eneo la Nyangao, karibu na mto Lukuledi. Ukipita barabara ya kwenda Masasi unapita pembeni yake.

Oktoba 1917 jeshi la Waingereza lilikuwa tofauti na lile la Salaita. Wazungu wengi wameondolewa. Wengi wa waliobaki mstari wa mbele ni KAR, Wanaijeria na vikosi vya India. KAR ilianza vita na batalioni tatu na askari wasiofika 2,500. Mwisho wa vita ilikuwa na batalioni 22 na zaidi ya askari 35,000. Walikuwa na bombomu nyepesi za Lewis ambazo mtu mmoja anakimbia nazo kichakani, kitu ambacho Maxim na mguu wake mzito haikuruhusu. Walikuwa wamejifunza kuzunguka na kusikiliza. Kwa maneno mengine, walikuwa wamefanana na adui wao.

Jenerali Wahle wa Wajerumani alishika ukingo wa mlima pale Mahiwa. Safu ya Lindi inakuja mbele yake, na Wanaijeria wametumwa kuzunguka wamfungie nyuma. Ile mbinu ya Smuts tena. Lettow akaja kwa haraka na kombania tano, na tarehe 16 Oktoba Wanaijeria waliokwenda kufunga mlango wakajikuta wao ndio waliofungiwa. Walichimba kwa haraka na kupigana wakiwa wamezingirwa. Nyasi na vichaka vilifanya pande zote mbili zisijue mpinzani ana watu wangapi.

Tarehe 17 na 18 safu ya Lindi ilishambulia uso kwa uso, ikiongozwa na Jenerali Beves. Nawakumbusha, Beves ndiye aliyekuwa na Brigedi ya Pili ya Afrika Kusini kule Salaita. Lettow aliandika baadaye kwamba tangu mapigano ya Reata, Machi 1916, alishajua Beves huwatupa watu wake mbele bila kujali hasara, kwa hiyo badala ya kupunguza katikati aliiongezea nguvu. Shambulio likaja pale pale. Na kila liliposimama, kombania za akiba zikarudisha pigo, na kisha la pili, na la tatu, kwa umbali ambao watu walisikia amri za adui.

Hesabu inayotajwa zaidi ni Waingereza kupoteza takriban 2,700 kati ya karibu 4,900, na Wajerumani kama 500 kati ya 1,500. Kwa ukubwa wa majeshi yenyewe, ni mapigano makali kuliko yote ya vita hii.

Na hapa moshi unarudi. Siku zile tatu zilikula risasi za kisasa ambazo Lettow hakuwa na namna ya kuzirudisha. Sehemu kubwa ya zilizobaki zilikuwa za baruti ya moshi. Kwinini nayo ilikuwa inaisha. Alipokuwa na kituo cha Amani kule Usambara, wataalamu wake walitengeneza kwinini kwa gome la mkwinini. Baada ya kupoteza reli ya kaskazini walichemsha magome na kunywa maji yake machungu. Katikati ya Novemba, pale Nambindinga, aliwaacha mamia ya Wajerumani na mamia ya askari, wagonjwa, majeruhi na hata wengine ambao bado waliweza kutembea. Aliowachukua ni wale tu ambao risasi na kwinini zingewatosha. Tarehe 25 Novemba 1917 akavuka Ruvuma na kuiangukia ngome ya Wareno pale Ngomano, akajaza bunduki, risasi na dawa.

Kijana_wa_Mbagala

Kwa hiyo alishinda Mahiwa au alishindwa? Maana umesema kapiga watu 2,700 halafu mwezi mmoja baadaye anaacha wagonjwa na kukimbia nchi.

Mpingo_wa_Kusini

Mimi nasema uwanjani alishinda na kwa hesabu ya maghala alishindwa. Kombania moja ingeweza kupigana tena kesho yake kwa ari, lakini si kwa risasi.

Afande_Mstaafu

Sikubaliani. Kamanda anayepoteza theluthi ya jeshi ambalo hawezi kulijaza tena hajashinda, hata adui akipoteza mara tano. Kazi yake ilikuwa kubaki hai na kuwashughulisha. Siku ya pili angeondoka usiku kama alivyozoea. Alibaki kwa sababu alimwona Beves anakosea, na kosa la adui ni tamu. Na kule kukaa kulimgharimu Tanzania Bara yote.

Binti_Masasi

Mnaweza kubishana hivyo hadi kesho. Kwetu Novemba ile inakumbukwa kwa kitu kimoja, maghala ya mtama kubebwa na pande zote mbili kabla ya mvua za kupanda.

Mjukuu_wa_Dagoretti

Wadau, mimi niko Nairobi, nimefuata uzi kimya. Babu yangu alikuwa KAR vita ya pili, Burma. Alikuwa anatuambia walikunywa tembe kila jioni kwenye mstari, afisa anatazama mdomo, mpaka ngozi ikawa ya manjano, na wengine walizitema wakiamini zinaua nguvu za kiume. Sasa nauliza, hao wa Burma hawakuwa porini pia? Mbona wao hawakuyeyuka kama hao wa 1916?

Tabibu_wa_Zamu

Swali zuri sana. Tembe hizo ni mepakrini, na manjano ni yake kweli. Babu yako inaelekea alikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, masika ya kule yakiwa yamepamba moto, hadi Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Bonde lile lilikuwa na sifa mbaya ya malaria, na moja ya sababu za kutumwa Waafrika ni ile ile imani ya Kijana wa Mbagala kwamba wanaistahimili zaidi. Lakini safari hii haikuachiwa imani. Jenerali Slim, kamanda wa Waingereza kule Burma, alipima damu za vikosi kwa kushtukiza, na kikosi ambacho watu wenye dawa mwilini hawakufika asilimia 95, kamanda wake alifukuzwa. Alisema alihitaji kufukuza watatu tu.

La pili, mgonjwa hakusafirishwa tena kwenda India kwa miezi. Alitibiwa katika vituo vya malaria nyuma kidogo ya mstari wa mbele, akarudi kwa wenzake ndani ya wiki chache. Kabla ya hapo, mwaka 1943, kwa kila majeruhi mmoja aliyeondolewa, wagonjwa walikuwa 120.

Mpingo_wa_Kusini

Na la tatu ni ndege. Divisheni ile ilidondoshewa chakula na risasi kwa miavuli, kwa hiyo ile hesabu ya mpagazi kujila mzigo haikuwabana vile. Tope liliwapata, kutoona mbele kuliwapata, Wajapani waliochimba chini ya mashina ya mianzi wakiwangoja waliwapata. Ila kombania ilifika kwenye mapigano ikiwa na watu karibu wote iliyoanza nao.

Afande, hili ningependa kusikia kwako: kwenye mianzi, ambako risasi moja inafanya mlio wa kumi, masikio bado yanasaidia?

Afande_Mstaafu

Kidogo sana. Mianzi inapasuka yenyewe kwa moto na kwa risasi, unadhani umezingirwa. Pale tulifundishwa kunyamaza kabisa na kutambaa kwa kugusana, kila mtu mkono kwenye kisigino cha mwenzake. Mjukuu, kama babu aliwahi kusema walifanyaje, tuandikie. Sijawahi kumsikia mtu aliyekuwa Kabaw akieleza.

Mjukuu_wa_Dagoretti

Nitamuuliza mama wikendi hii, yeye ndiye alikuwa akimsikiliza zaidi. Ninachokumbuka mimi ni kwamba usiku hawakuruhusiwa kupiga risasi hata kidogo, panga tu, na aliyefyatua alipata adhabu asubuhi.